Kishada cha Mtoto wa Kambo

Mwaka 1967 mtoto wa miaka sita aliwasili Jakarta na mama yake, kuanza maisha kwa mume mpya wa mama. Mtoto huyo ni Barack Obama, ambaye baba yake mzazi alikuwa Mkenya, na mume huyo aliitwa Lolo Soetoro. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1995, Obama anasimulia kwamba alipofika tu alikabidhiwa nyani aliyeitwa Tata, ambaye baba wa kambo alikuwa amemleta kutoka kisiwa cha mbali. Kwa mtoto wa kiume wa umri ule, hiyo ni zawadi ya kutoa macho. Hata hivyo, zawadi anayoieleza kwa undani zaidi ilikuja baadaye, siku alipopigwa jiwe kichwani na kijana mkubwa kuliko yeye. Kesho yake Lolo alirudi kutoka kazini na glavu za ndondi: jozi mbili, ndogo ya mtoto na kubwa ya kwake mwenyewe. Wakazivaa, wakasimama uani, na mtoto akaanza kufundishwa namna ya kuinua mikono na kukwepa.

Jozi ile ya pili ndiyo ya kuangaliwa na kila baba au mama wa kambo. Nyani angeweza kutunzwa na yeyote mle ndani. Glavu za mtoto peke yake zingebaki msumarini. Lakini mtu mzima aliyenunua na za kwake alikuwa anasema, bila kutamka neno, kwamba kesho saa kama hii atakuwepo uani tena.

Watu wengi wanaooa au kuolewa na mtu mwenye mtoto huanza na zawadi kubwa: baiskeli, simu, runinga ya chumbani. Mtoto wa miaka minne huenda akavutika. Wa miaka tisa anajua hesabu. Yuko darasa la tatu au la nne, anajua bei za vitu, na anajua pia kwamba baba yake mzazi hakuweza kumnunulia baiskeli mwaka jana. Kitu cha thamani kikitoka kwa mgeni kinamweka pabaya, kwa sababu akikifurahia waziwazi anajiona kama amemsaliti baba, na akikikataa anamuudhi mama. Ndiyo maana walezi wengi huishia kulalamika kwamba mtoto hana shukrani, ilhali mtoto yuko katika kulinda heshima ya mtu ambaye hayupo.

Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1950 kuhusu hatua za ukuaji wa binadamu, aliuelezea umri wa shule ya msingi kuwa ni wakati ambapo mtoto anataka kuona kwamba anaweza kutenda kitu kikatendeka: kutengeneza, kurekebisha, kumaliza. Erikson mwenyewe alilelewa na baba wa kambo, daktari wa watoto aliyemwoa mama yake mwaka 1905, na katika utoto wake alifichwa kwamba mtu huyo hakuwa baba yake mzazi. Huenda hilo halikuhusiana na nadharia yake. Lakini hoja yenyewe inamsaidia sana mlezi anayetafuta mlango wa kuingilia, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa hufunguka haraka zaidi kwa mtu anayemfanya ajue kufanya jambo kuliko kwa mtu anayempa jambo lililokwisha kufanywa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, wakiongozwa na Lawrence Ganong na Marilyn Coleman, walichapisha mwaka 1999 utafiti wa familia za kambo uliouliza swali rahisi: walezi wa kambo hufanya nini ili wapendwe na watoto, na nini hufaulu? Waligundua makundi matatu. Wapo ambao hawakujitahidi kabisa. Wapo waliojitahidi wakati wa uchumba, wakaacha mara tu walipohamia nyumba moja na mtoto, na kugeuka wasimamizi wa sheria. Wa tatu waliendelea kujitahidi hata baada ya kuhamia, na hao ndio waliofanikiwa kujenga uhusiano wa karibu. Kilichofaa zaidi zilikuwa shughuli za watu wawili, mlezi na mtoto bila wengine, hasa zile ambazo mtoto mwenyewe alizipenda.

Kwa hiyo zawadi ya kwanza haianzii dukani. Inaanza kwa kutazama.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka tisa anayeishi na mama yake Tanga. Mama ameolewa na fundi seremala, na wamehamia kwake mwezi wa Aprili. Binti anaamkia vizuri, anakula, anakwenda chumbani. Akiulizwa habari za shule anajibu "nzuri", basi. Anamwita fundi "anko", na mama anaona aibu mbele ya wakwe. Fundi afanye nini? Jambo la kwanza ni kuliacha hilo la anko kama lilivyo, na kumwomba mama naye aliache. La pili ni kutumia wiki mbili au tatu kuangalia macho ya mtoto yanaelekea wapi. Katika mfano wetu yanaelekea kiwanjani. Alasiri wavulana wa mtaa hurusha vishada, wengine huviita tiara, na binti husimama pembeni mpaka magharibi. Hana cha kwake, na hakuna anayempa uzi ashike.

Seremala ana msumeno na ubao. Anachonga kibao bapa cha urefu wa mkono wa mtoto, anakitoboa kila upande matundu ya kushikia, anakipiga msasa hadi hakichomi, kisha anachoma juu yake jina la binti kwa msumari uliopashwa moto. Anakizungushia uzi mwembamba wa nailoni mita hamsini hivi. Basi. Kishada hakimo.

Zawadi hii ina sifa ambazo baiskeli haina. Haishindani na chochote alichotoa baba mzazi. Ina jina la mtoto, kwa hiyo ni yake hata kama ndoa itamchukiza. Haijakamilika, na upungufu wake unazaa swali ambalo mtoto atauliza mwenyewe akiwa tayari: sasa kishada kitatoka wapi?

Namna ya kuitoa ina uzito kama zawadi yenyewe. Isitolewe mbele ya wageni, wala siku ya sherehe ambapo mtoto anatakiwa apige goti na kushukuru. Fundi anaweza kuiweka mezani jioni ya siku ya kawaida na kusema, "Nimekuona kiwanjani. Hiki ni cha kuzungushia uzi, ukitaka tutatengeneza kishada Jumamosi." Kisha aondoke, akaoge. Mama naye asiongeze "umesema asante?" Asante ya kulazimishwa inamrudisha mtoto kwenye hesabu ile ile ya nani anamsaliti nani. Na ikiwa kibao kitakaa mezani siku nne bila kuguswa, kikae. Jumamosi fundi akae uani aanze kutengeneza kishada chake mwenyewe, bila kumwita mtu. Hiyo ndiyo jozi yake ya pili.

Watoto wachache sana wanaweza kuona mtu mzima akihangaika na gundi na karatasi wakabaki ndani.

Kazi yenyewe ni rahisi, lakini inataka mikono minne, na ndiyo faida yake. Kwa kishada cha kwanza, njiti za ukuti wa mnazi zinatosha, zile za kutengenezea ufagio. Kwa kuwa kila njiti ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, huchukuliwa mbili zikafungwa pamoja, kichwa cha moja kwenye mkia wa nyingine, ili uzito ulingane. Ufito wa wima uwe sentimita 60, wa kukingama sentimita 50, nao ukatishe sentimita 15 kutoka juu. Hapo mmoja anashika njia panda na mwingine anafunga uzi. Mtu mzima ashike, mtoto afunge. Kifundo kikilegea kifunguliwe na kufungwa tena na mtoto yule yule. Baba wa kambo anayenyakua uzi na kusema "lete nikuonyeshe" amepoteza alasiri nzima, hata kama kishada kitapendeza.

Uzi huzungushwa kwenye ncha nne kupata umbo, halafu huja karatasi. Gazeti linafaa kwa upepo mkali. Karatasi nyepesi ya kufungia zawadi ni bora upepo ukiwa mdogo. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa na maji na kupikwa mpaka ushikamane. Ikikauka, kuna kipimo ambacho watoto hukipenda: kishada kinaning'inizwa kwa uzi kwenye ufito wa wima, juu na chini, kisha kinaachwa kitulie. Bawa litakaloinama ndilo zito. Dawa yake ni kubandika kipande kidogo cha karatasi upande wa pili, kupima, kubandika tena. Kazi hii huchukua dakika kumi za kimya, vichwa viwili vikiwa vimeinamia kitu kimoja, na mara nyingi hapo ndipo maneno ya kwanza ya kweli hutoka, kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Maneno hayo yakitoka, yasifukuziwe. Binti akisema, "Baba alikuwa ananipeleka Pangani," jibu zuri ni fupi: "Pangani kuna upepo mzuri." Kuuliza baba yuko wapi siku hizi, au kama humpigia simu, kunageuza kishada kuwa mtego wa kumhojia. Vivyo hivyo kutumia nafasi hiyo kumkumbusha daftari la hesabu. Mtoto akishagundua kwamba kila burudani ina mawaidha ndani yake, atakuwa na kazi nyingi za nyumbani kila Jumamosi.

Kinachobaki ni uzi wa hatamu na mkia. Hatamu ni uzi wa karibu sentimita 80 unaofungwa juu na chini ya ufito wa wima, na kifundo cha kuunganishia uzi mkuu kinawekwa mahali ambapo, ukiuvuta pembeni, kinafika sawasawa kwenye ncha ya bawa. Mkia ni vipande vyepesi vya kanga chakavu vilivyounganishwa, mara tano hivi ya urefu wa kishada, yaani kama mita tatu.

Kisha kiwanjani. Katika mwambao, miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ina upepo wa kutegemewa, na alasiri ni bora kuliko asubuhi. Anayerusha humpa upepo mgongo. Msaidizi hukipeleka kishada hatua ishirini au zaidi mbele yake, anakiinua juu ya kichwa, anasubiri upepo uvume, anakiachia. Nani awe nani? Kibao kina jina la binti, kwa hiyo uzi ni wake, na fundi ndiye wa kukimbia nyuma ya kishada kila kinapoanguka. Kitaanguka mara nyingi. Wavulana watacheka, na watamcheka mtu mzima anayehema, si binti. Kwa mtoto wa miaka tisa, kumwona mtu mzima akibeba aibu kwa niaba yake ni jambo kubwa kuliko hotuba yoyote ya "mimi ni kama baba yako".

Kishada kikikataa kuruka, sababu husomeka. Kikizunguka mduara na kupiga mbizi, mkia ni mfupi au bawa moja bado zito. Kipande kingine cha kanga kinaongezwa. Kikivuta uzi kwa nguvu lakini hakipandi, kifundo cha hatamu kimekaa chini mno, nacho husogezwa kuelekea juu kwa upana wa kidole. Kikiinuka kivivu na kushuka wima, mkia umezidi uzito au upepo hautoshi, na upepo usipotosha watu hurudi nyumbani. Fundi anaweza kuwa anajua jibu tangu mwanzo. Aulize: "Unaonaje, ni mkia au ni hatamu?" na afuate jibu la binti hata kama si sahihi. Kosa litaonekana angani baada ya nusu dakika bila mtu kugombezwa.

Jambo moja halina majadiliano. Kisirushwe karibu na nyaya za umeme, barabara, wala mvua ya radi ikinyemelea, na waya usitumike kamwe badala ya uzi. Kishada kikinasa kwenye nyaya kinaachwa hapo hapo, hata kama mtoto atalia. Hapa baba wa kambo anatumia mamlaka yake waziwazi, na mtoto huyakubali mapema, kwa sababu anaona yanamlinda yeye.

Hasara hiyo si ndogo machoni pa mtoto, ingawa nyenzo zake ni njiti na gazeti. Hapo ndipo ubora wa kitu cha bei ndogo unapoonekana. Simu ikivunjika nyumba nzima inanuna, na mlezi anashindwa kuficha uchungu wa fedha zake. Kishada kikipotea, fundi anaweza kusema kwa dhati, "Kile kilikuwa na bawa zito hata hivyo. Jumamosi tutatengeneza kingine." Mtoto amepoteza kitu mbele ya mgeni, na mgeni hakukasirika. Ameshuhudia jambo ambalo hakuna ahadi ingeweza kumthibitishia.

Ugumu halisi huja wiki ya tano au ya sita. Kazi zimebana, mteja anataka kabati lake, na Jumamosi inapita. Ule utafiti wa Missouri unalionyesha kundi zima la walezi walioishia hapo, waliokuwa wachangamfu hadi walipohamia. Mtoto aliyewahi kuondokewa na mzazi huhesabu siku ambazo mtu hakutokea. Ni heri kuahidi saa moja kwa wiki na kuitimiza mwaka mzima kuliko kuahidi kila alasiri. Ikishindikana, aambiwe mapema na mhusika mwenyewe, si kupitia mama, na itajwe siku nyingine kwa jina: "Si kesho, ni Jumatatu ukitoka shule."

Kosa jingine limekuja na simu. Picha ya fundi na binti kiwanjani inawekwa hadharani na maneno "mimi na mwanangu". Baba mzazi anaiona, au shangazi anamtumia. Simu inapigwa, mtoto anasikia ugomvi ukutani, na kishada kinakuwa ushahidi wa kesi. Picha hiyo ibaki nyumbani. Bora zaidi, mama amwambie baba mzazi mapema kwamba mtoto amejifunza vishada na angependa kumwonyesha akienda kwake likizo. Binti akibeba kibao chake mpaka kwa baba yake na kurusha huko, fundi hajapoteza kitu. Obama mwenyewe alipokuwa na miaka 10, mwezi Desemba 1971, baba yake mzazi alimtembelea Honolulu na kumpa mpira wa kikapu, na mchezo huo aliupenda hadi utu uzima. Glavu za Jakarta hazikuuzuia mpira, wala mpira haukuzifuta glavu katika kumbukumbu zake.

Dalili kwamba imani inaanza kukua si kubwa, na hazifanani na zile zinazosubiriwa na ndugu. Salamu nzuri mbele ya wageni si dalili. Hayo ni malezi ya mama. Dalili ni mtoto kuja karakana kuuliza kama mwanzi uliopasuliwa ni mwepesi kuliko njiti. Ni kumkosoa fundi bila woga: "Hapana, umefunga vibaya." Ni kuacha kibao chake juu ya meza ya fundi badala ya kukificha chini ya kitanda. Na siku moja, katikati ya kubandika karatasi, atataja jambo lisilohusiana na vishada, labda mwalimu aliyemwonea au rafiki aliyehama. Hapo fundi aendelee kubandika na kusikiliza.

Kusi likipungua vishada hulala, na shughuli inaweza kugeuka. Kwa binti huyu, hatua inayofuata huenda ikawa kuchonga vibao vya marafiki zake kwa msasa na kamba ya kupimia, ndani ya karakana. Kwa mtoto mwingine ingekuwa bao, bustani ya mchicha au kuziba pancha. Mama wa kambo naye hafungwi na jinsia ya mchezo. Anaweza kukimbia nyuma ya kishada kama mwanamume yeyote.

Ombi la mwisho ni kwa mzazi wa damu, ambaye katika habari hii yote ana kazi ngumu ya kukaa kando. Alama za mtihani zikishuka, au vyombo visipooshwa, adhabu itafutwe kwingine na itolewe na yeye mwenyewe. Asimnyime mtoto Jumamosi ya kishada. Saa hiyo si tuzo ya tabia njema, na ikishageuzwa kuwa tuzo, fundi atakuwa amerudishwa pale pale alipokuwa mwezi wa Aprili.